Ruguru na Sekunde Tatu za Mwisho

Kwa miaka kumi na minane Ruguru amerekodi arusi za Meru, na hakuna hata moja aliyoimaliza haraka. Studio yake iko Makutano, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa za mifugo. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, pazia la kijani na kiti cha watu wa picha za pasipoti. Mwenyewe ni mtu wa Embu, wa kule Kianjokoma karibu na msitu. Alikuja Meru kwa kazi ya mwezi mmoja, kamera ikiwa ya kuazima, akabaki. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mazoea ya kusimama nyuma ya watu, kwa sababu miaka yote hiyo amewatazama wakiwa na furaha yeye akiwa amefumba jicho moja.

Arusi zake zilikuwa na mwisho wa aina moja. Keki ikishakatwa, mjomba alitoa shukrani. Baada ya mjomba, shangazi. Baada ya shangazi, mwenyekiti wa kamati, kisha maombi ya kufunga, kisha bwana na bibi arusi wakitembea taratibu kuelekea gari, kisha jua likizama, kisha maandishi ya "Mungu awabariki" yakipanda juu huku kinanda kikififia. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba video ni ndefu. Walirudi kulalamika kwamba shangazi hayumo.

Basi Kobia alipopanda zile ngazi asubuhi moja ya Jumatatu, akifuatana na mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, Ruguru hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kazi wanayoileta ingemhitaji kumaliza kwa njia nyingine.

Kobia alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa waru, yaani viazi, huko Kibirichia. Mwanamke aliyekuwa naye aliitwa Kiende.

"Tunataka video ya mukurino," Kobia alisema.

Maxine, msichana anayefanya kazi na Ruguru, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta. "Ya nani, mzee? Ya lile kanisa la vilemba?"

"Wewe mtoto wa mjini hujui waru hutoka wapi," Kiende akamjibu, akacheka. "Mukurino ni ile nundu ya juu ya gunia. Gunia likijaa, broka anayenunua hashoni mdomo. Anaongeza waru juu, anasuka wavu wa kamba, linakaa kama mtu amefunga kilemba. Lakini bei ni ya gunia tu."

Kisha akaeleza lililomleta, na hapo hakucheka. Msimu uliopita alikataa mukurino peke yake. Alishona magunia yake yakiwa bapa, akangoja. Lori lilipita langoni kwake, likapakia kwa jirani, likaenda zake. Waru zake zilikaa ghalani hadi zikageuka kijani na kuchipuka, akawalisha ng'ombe kidogo na nyingine akazitupa. Jumamosi ile wanachama wote wangekutana katika ukumbi wa kanisa, waamue kama msimu huu watakataa pamoja. Uuzaji ungeanza Jumatatu. Wakikosa kukubaliana Jumamosi, malori yangekuja kama kawaida, naye angelazimika kuinama kama wengine.

"Peke yangu siwezi tena," alisema. "Nikipitwa mara ya pili, hilo shamba nitalikodisha."

Jumanne Ruguru alipanda Kibirichia. Alirekodi mashamba, baridi ya asubuhi, wazee kwa wanawake wakieleza. Mzee Kinoti, aliyekuwa mwalimu na sasa ni mzee wa kanisa, aliomba maombi marefu mazuri kando ya shamba, kofia mkononi. Kobia alitoa shukrani kwa majina kumi na manne. Na katika ua wa Kiende yalipangwa magunia matano, yakajazwa na kusukwa wavu jinsi mabroka wanavyopenda, halafu Kiende akakata kamba moja baada ya nyingine, akazishusha zile nundu tano ndani ya gunia tupu. Gunia la sita likajaa hadi mdomoni.

Jumatano saa nane mchana, video ikiwa imekamilika, walikutana sebuleni kwa Kobia kuitazama: wanakamati saba, Mzee Kinoti akiwa amepewa kiti kikubwa. Dakika kumi na moja. Mwishoni Ruguru alikuwa ameweka jambo alilolifikiria sana. Sauti ya Mzee Kinoti ikiomba, na chini ya sauti hiyo picha ya magunia sita yamesimama mstari mmoja, kisha maandishi makubwa: "Jumamosi tuseme hapana pamoja." Kisha mlima na jua. Aliona ni kama kuwapa watu uamuzi na baraka kwa wakati mmoja.

Sauti ya mzee ilipotoka kwenye televisheni ikisema, "Na tuombe," watu wote saba waliinamisha vichwa na kufumba macho.

Ruguru alisimama nyuma ya kochi, akawatazama. Kobia alikuwa amekunja mikono. Midomo ya Kiende ilikuwa ikicheza. Mzee Kinoti mwenyewe alikuwa amefumba macho akijisikiliza akiomba. Magunia sita yalipita. Maandishi makubwa yalipita. Mlima ukapita. Sauti ikasema, "Amina," sebule nzima ikaitikia, "Amina," na yalipofunguka macho hayo, kioo kilikuwa cheusi na mke wa Kobia alikuwa ameingia na chupa ya chai.

"Kazi safi sana, mama," Kobia alisema, akinyoosha mkono kupokea kikombe. "Sasa, nani alileta sukari?"

Hakuna aliyetaja Jumamosi. Waliongea juu ya baridi, juu ya mbwa wa jirani aliyeonekana kwenye picha, juu ya Kobia kuonekana mnene. Ruguru alikunywa chai yake pole pole. Hakukasirika. Alihisi kitu kilicho kibaya zaidi kuliko hasira, kwamba amekuwa akifanya hivi miaka yote na hakuwahi kugeuka kuwatazama watazamaji.

"Wote?" Maxine aliuliza kesho yake asubuhi, akishika tumbo kwa kicheko. "Hata wewe?"

"Mimi nilikuwa nimesimama."

"Aki Mama Studio! Umewalaza watu kwa maombi."

"Cheka umalize, tufanye kazi."

Maxine alimaliza, akavuta kiti. "Lakini hata wangekuwa macho, hiyo video imeisha mara nne. Imeisha kwa Kobia, ikaisha kwa mzee, ikaisha kwa maandishi, ikaisha kwa mlima. Mtu anajua ashike mwisho gani?"

Ilikuwa kweli, na Ruguru alikuwa akimfikiria mama yake. Mama yake akimpigia kutoka Kianjokoma, simu haikatiki. Anasema haya, kisha sawa, kisha haya basi, kisha salimia watu, kisha haya tena. Na mgeni akiondoka nyumbani kwao anasindikizwa hadi langoni, kutoka langoni hadi barabarani, barabarani anasimamishwa kuulizwa jambo lililosahaulika, hadi kuondoka kwenyewe kunakuwa kama hakukutokea. Hiyo ndiyo adabu aliyolelewa nayo. Kumwacha mtu ghafla ni kumkosea. Lakini video si mgeni. Mtu akiisindikiza hadi barabarani, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Walianza kusikiliza upya kila kitu kilichorekodiwa, tangu mwanzo, wakitafuta neno moja. Saa nne hivi wakalipata. Lilikuwa limezikwa katikati, dakika ya sita, chini ya kinanda. Kiende alikuwa ameshajaza gunia la sita, akapangusa mikono kwa kanga, akalitazama, akasema bila kuulizwa:

"Gunia hili nimelilima miaka yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kuliona."

Maxine alirudisha, wakasikiliza tena bila kinanda. Nje mtu alikuwa akipiga honi, wakafunga dirisha wakasikiliza mara ya tatu.

"Hapo," Maxine alisema. "Baada ya hapo hakuna mtu anafaa kusema kitu."

Tatizo ni kwamba Kiende mwenyewe alikuwa amesema. Bila hata kuvuta pumzi aliendelea: lakini nani atatusikiza, broka akitupita zitaoza, basi tu, Mungu anajua. Na tatizo la pili lilikuwa la Ruguru. Neno "kuliona" lilipotoka tu, mawingu yalikuwa yamefunguka juu ya mlima, na mkono wake wa arusi, usioweza kutulia, ukageuza kamera kuufuata mlima. Baada ya neno lile gunia lilibaki machoni kwa sekunde moja, pengine chini ya hapo. Neno lilianguka na picha ikakimbia.

Walijaribu kuirefusha ile sekunde kwa kuipunguza mwendo. Mkono wa Kiende ukaelea kama wa mtu aliye majini. Walijaribu kuigandisha, ikawa kama kompyuta imekwama.

"Ukumbi mzima utageuka kukuangalia," Maxine alisema. "Watadhani stima imepotea."

Alhamisi hiyo hiyo mchana Ruguru alikuwa Kibirichia tena. Alianza kwa Mzee Kinoti, maana hilo ndilo aliloliogopa. Alimkuta akichambua mbegu za waru, akamsalimu, akakaa kwenye kigoda, akazunguka maneno mpaka mzee mwenyewe akamsaidia.

"Umekuja kuniambia kitu kuhusu maombi yangu."

"Mzee, maombi ni mazuri. Ndiyo shida. Watu wakiyasikia wanafumba macho, na mimi nimeweka picha hapo."

Mzee Kinoti aliweka chini kiazi alichokuwa amekishika. "Mimi pia nilifumba," alisema polepole, kama mtu anayegundua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Niliitikia amina yangu mwenyewe!"

Alipomaliza kucheka alifuta macho. "Sasa unataka kuyatoa?"

"Nataka kuyaweka mwanzo. Kioo kikiwa cheusi, sauti yako tu. Wafumbe macho. Wakisema amina wafungue, waone shamba."

"Mkutano wowote unaofaa huanza kwa maombi," mzee alisema. "Lakini na mwisho? Mkutano haufungwi bila maombi."

"Mkutano utaufunga wewe mwenyewe, ukiwa umesimama pale. Video si mkutano, mzee. Baada ya video bado kuna kuamua."

Mzee aliokota tena kile kiazi. "Basi uyafupishe," alisema. "Mtu akiomba kwa televisheni asikae sana."

Kobia alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ya yale majina kumi na manne. Waliafikiana kwamba atayasoma kwa mdomo wake kabla ya video kuwashwa, na kwamba video ikiisha asisimame upesi kushukuru.

"Nikae tu?"

"Ukae tu, mwenyekiti. Uhesabu hadi ishirini."

"Watu watafikiri nimelala."

"Waache wafikiri."

Kwa Kiende alimchezea ile sauti kwenye simu, hadi neno "kuliona", akaikata. Kiende alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe. Ulisema mengine baadaye, kwamba hakuna atakayewasikiza, kwamba Mungu anajua. Nikikata hapa, nimekufanya jasiri kuliko ulivyokuwa. Sitaki kufanya hivyo bila kukuuliza."

Kiende alitazama upande wa ghala. "Nilisema hayo kwa sababu niliogopa. Na bado naogopa," alisema. "Hayo ya kuogopa nitayasema mwenyewe Jumamosi, mdomo ninao. Hayo mengine wacha video iseme."

Walijaribu kumrekodi akiyarudia yale maneno, ili picha na sauti viwe pamoja. Mara ya kwanza aliyasema kama mtoto anayekariri mbele ya darasa. Mara ya tatu alisema, "Gunia hili nimelilima, eeh, miaka mingi sana kwa ujumla," wakacheka wote wawili hadi wakaacha. Sauti ya Jumanne ilikuwa moja na haingepatikana tena. Lakini gunia lenyewe lilikuwepo. Kiende hakuwa amelifungua. Alikuwa amelisimamisha mlangoni mwa ghala, na kila jirani aliyepita alionyeshwa.

Ruguru alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akaiondolea mkono kabisa. Akamwambia Kiende aingie kwenye picha, asimame kando ya gunia, asifanye lolote. Kwa dakika nzima alilazimisha mikono yake ikae mifukoni. Mawingu yalifunguka tena kule juu, akayaacha. Kiende alisimama. Baada ya muda akachoka kusimama kama picha, akaweka kiganja juu ya mdomo wa gunia, ulipokuwa bapa, akakiacha pale kama anavyomshika mtoto kichwani. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo picha waliyoitumia.

Ijumaa walikata. Kinanda kilinyamaza mapema, kabla ya Kiende kuanza kulijaza gunia la sita, ili sikio likae na mlio wa waru zikianguka. Kisha waru zikatulia. Kisha sauti, juu ya picha ya kiganja. Baada ya neno la mwisho walijaribu kuiacha picha sekunde mbili, na neno likamezwa. Walijaribu tano, na Maxine akajikuta akitazama mlango wa ghala akingoja mtu atoke. Waliacha tatu. Chini yake waliweka upepo mdogo wa ua ule ule, maana ukimya mtupu ungedhaniwa ni spika imeharibika. Kisha weusi, ghafla, bila kufifia. Ruguru mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitufe cha kufifisha, Maxine akaupiga kofi.

"Mama Studio!"

"Nimezoea."

"Mwache mama wa gunia asimame. Usimfifishe."

Hakukuwa na shukrani, wala jua, wala namba ya simu ya studio. Baada ya picha ya mwisho Ruguru aliongeza dakika nzima ya weusi, kwa sababu anaijua projekta. Faili ikiisha tu, ukutani huruka orodha ya arusi zote zilizomo kwenye kompyuta, na watu huanza kusoma majina.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa blanketi mchana peupe, na watu waliofika wamechelewa walikanyaga waliofika mapema. Kobia alisoma majina kumi na manne, akaongeza la kumi na tano. Video ikaanza gizani kwa sauti ya Mzee Kinoti, watu mia na zaidi wakafumba macho, wakasema amina, wakafungua, na shamba likawa mbele yao.

Mwishoni Ruguru alisimama nyuma, pale alipozoea, lakini safari hii aliwatazama wao. Aliona nyuso zikiwa zimeinuliwa, zimeangaziwa na ukuta. Neno likaanguka. Kiganja kikakaa. Kisha weusi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa. Kobia alijiinua nusu kutoka kwenye kiti chake, akakumbuka, akakaa tena, na midomo yake ilionekana ikihesabu. Ilikuwa pengine imefika kumi na mbili pale mzee mmoja wa safu ya kati, aitwaye Mutegi, aliposema kwa sauti, si kwa kamati wala kwa yeyote:

"Mimi huuza magunia arubaini. Kwa hivyo yangu ni manane."

"Manane ya nini?" mke wake akamuuliza.

"Ya kutoonekana, mwanamke. Manane kila msimu! Tangu unizalie mtoto wa kwanza!"

Hapo ukumbi ukawaka. Kila mtu alikuwa akimwambia jirani yake idadi. Blanketi moja lilianguka na mwanga ukaingia, na hakuna aliyeliinua. Kiende alisimama, akayasema yale ya hofu kama alivyoahidi: kwamba alipitwa, kwamba zilioza, kwamba hajui kama safari hii itakuwa tofauti. Kijana mmoja akasema mabroka watahamia kwingine. Mama mmoja akamjibu kwamba Kibirichia nzima haiwezi kupitwa kama lango moja, Nairobi itakula nini, ugali na picha? Mikono ilipoinuliwa, Kobia aliihesabu mara mbili. Haikuwa yote. Watu ishirini na wawili waliiweka mikono yao mapajani. Lakini iliyoinuliwa ilikuwa themanini na tisa.

Jumatatu asubuhi Ruguru alikuwa akipiga mtu picha ya pasipoti simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Kiende, na nyuma yake injini.

"Lori la kwanza limekataa, limekwenda," alisema. "Waliniita mkaidi. Likaenda kwa Mutegi, akakataa. Likaenda kwa mama wa pale chini, akakataa. Kuna wale waliosuka nundu, wamempakilia kidogo."

"Na sasa?"

"Sasa kuna la pili langoni. Huyu broka ameshuka, anazunguka magunia, anayapapasa tu. Anauliza kama kuna mtu ana wavu. Nimemwambia wavu niliwapa kuku. Ngoja. Ngoja hapo, usikate."

Ruguru alingoja, kamera mkononi, mteja akiwa amekaa wima kwenye kiti bila kupepesa. Kupitia simu alisikia mlango wa chuma wa lori ukifunguliwa, na mwanamume akisema kwa kuchoka, "Haya, lete hilo la kwanza."